Sindano Moja, Virusi Vitatu: Saa za Kwanza Baada ya Kujichoma na Sindano Iliyotumika

Katika mazungumzo ya kila siku, mtu akisema "nimechomwa sindano" husikilizwa kama mgonjwa aliyepata tiba. Makala haya yanahusu jambo lingine linalofanana kwa maneno tu, yaani ajali ya mtu kujichoma na sindano iliyokwisha kuingia katika mwili wa mtu mwingine. Muuguzi hujichoma anapojaribu kuirudishia sindano kifuniko chake. Mhudumu wa usafi huchomwa anapokusanya taka za wodini. Mtoto hujichoma na bomba la sindano aliloliokota jalalani, na ndugu anayemhudumia mgonjwa wa kisukari nyumbani hujichoma anapopanga vitu vya mgonjwa wake.

Ajali ya namna hii si ngeni katika Kanda ya Ziwa. Utafiti uliofanyika katika hospitali 9 za mkoa jirani wa Mwanza, na kuchapishwa mwaka 1997, ulionyesha kuwa mfanyakazi wa hospitali, kwa wastani, alijichoma mara 5 kwa mwaka na kurukiwa na damu mara 9. Ajali hizo nyingi hupita kimyakimya, kwa kuwa aliyejichoma huosha mikono, hufunga plasta na kuendelea na kazi.

Anayeshtuka, mara nyingi hushtushwa na neno moja tu, Ukimwi. Hofu hiyo ina historia yake. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa nchini Tanzania walionekana mwaka 1983 katika mkoa huu wa Kagera, na hakuna ukoo usiokumbuka misiba ya miaka iliyofuata. Hata hivyo, kwa mtu aliyejichoma na sindano, Virusi vya Ukimwi, yaani VVU, ndivyo vyenye uwezekano mdogo zaidi wa kumwambukiza miongoni mwa virusi vitatu vinavyobebwa na damu. Vinavyoambukiza kwa urahisi mkubwa zaidi ni vya homa ya ini B, ambavyo havitajwi sana, ilhali ndivyo pekee kati ya vitatu hivyo vyenye chanjo. Vya tatu ni vya homa ya ini C, ambavyo havina chanjo wala dawa ya kumeza mapema kwa ajili ya kinga, lakini ugonjwa wake unatibika na kupona kabisa ukigunduliwa.

Kwa sababu hiyo, aliyejichoma anahitaji kujibiwa maswali matatu, na kila swali lina muda wake wa mwisho. Anayepata jibu la VVU peke yake na kwenda nyumbani akiwa ametulia, ameacha maswali mawili nyuma yake.

Hatari ya kila kirusi

Tuseme watu 1,000 ambao hawana kinga yoyote wamejichoma, kila mmoja na sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye maambukizi. Ikiwa wagonjwa hao wote wana VVU na hawatumii dawa, wataalamu wanakadiria kuwa watu wapatao 3 kati ya 1,000 wataambukizwa. Ikiwa wagonjwa wana homa ya ini C, makadirio yaliyotumika kwa miaka mingi ni watu wapatao 18 kati ya 1,000, na tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha idadi iliyo chini zaidi ya hapo. Ikiwa wana homa ya ini B, watakaoambukizwa huanzia watu 60 na wanaweza kufika 300. Tofauti hiyo kubwa kati ya 60 na 300 hutokana na hali ya mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa wapo wenye virusi vichache katika damu na wapo ambao virusi vinazaliana ndani yao kwa kasi.

Sababu ya tofauti kati ya magonjwa haya matatu ni wingi wa virusi katika damu. Sindano yenye tundu inapochoma ngozi huacha ndani yake damu kidogo sana, pengine sehemu moja tu ya elfu ya mililita. Katika kiasi hicho cha damu ya mtu mwenye VVU asiyetumia dawa, huweza kuwamo virusi makumi kadhaa. Katika kiasi hichohicho cha damu ya mtu mwenye homa ya ini C, huweza kuwamo virusi elfu moja au zaidi. Kwa mtu ambaye homa ya ini B imepamba moto, huweza kuwamo virusi laki moja na zaidi. Jeraha ni lilelile na damu ni kiasi kilekile, lakini mzigo unaobebwa haulingani.

Homa ya ini B ina sifa nyingine inayowahusu hata wasiofanya kazi zahanati. Kirusi chake huweza kukaa hai katika damu iliyokauka kwa muda usiopungua siku 7. Sindano iliyotupwa wiki hii, ikaonekana kavu na safi kwa macho, bado inaweza kukibeba.

Hatari ya VVU nayo hailingani katika kila ajali. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997, uliowahusu wafanyakazi wa afya wa Ufaransa, Italia, Uingereza na Marekani, ulibaini mambo manne yanayoiongeza. La kwanza ni jeraha kuwa la kina. La pili ni damu kuonekana kwa macho juu ya sindano kabla haijachoma. La tatu ni sindano kuwa imetoka moja kwa moja kwenye mshipa wa damu wa mgonjwa. La nne ni mgonjwa huyo kuwa katika hatua za mwisho za Ukimwi, wakati ambapo virusi huwa vingi mno. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa waliotumia dawa ya zidovudini baada ya ajali walipunguza uwezekano wa kuambukizwa kwa takriban asilimia 81. Huo ndio uliokuwa msingi wa dawa kinga zinazotolewa leo, ambazo ni bora kuliko ile ya wakati huo.

Mfano wa Jumanne asubuhi

Ili hatua zieleweke kwa mpangilio wake, tuchukue mfano wa mama anayefanya usafi katika zahanati ya kijiji. Alizaliwa mwaka 1990 na hajawahi kupata chanjo ya homa ya ini B. Jumanne, saa 4:00 asubuhi, anakusanya vifaa juu ya meza baada ya muuguzi kumtoa damu mgonjwa mwanamume aliyefika na homa. Sindano imefunikwa na pamba ndani ya trei. Inapenya glavu na kuingia katika kidole chake cha shahada, na damu inatoka.

Jambo la kwanza analofanya ni kuvua glavu na kuosha kidole kwa sabuni na maji yanayotiririka. Hakiminyi kidole ili damu itoke, kwa kuwa kuminya huumiza nyama iliyo pembeni ya jeraha na hakuna ushahidi kwamba hutoa virusi. Hakinyonyi kwa mdomo, hakichanji kwa wembe wala hakitumbukizi kwenye jiki. Jiki huunguza ngozi na kuacha kidonda kikubwa kuliko alama ya sindano. Kama damu ingemrukia jichoni, angesuuza jicho kwa maji safi tu, bila sabuni, kwa dakika kadhaa.

Saa 4:10 anamwendea mganga mfawidhi wa zahanati. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuona haya, kwa kuogopa kulaumiwa kwa uzembe au kwa kuhofia maneno ya watu. Mama huyu anasema wazi. Mganga anaandika katika kitabu cha matukio tarehe, saa, aina ya sindano, kina cha jeraha na kama damu ilionekana juu yake. Sindano ilikuwa na tundu, ilitoka kwenye mshipa na ilikuwa na damu. Mambo mawili kati ya yale manne ya hatari yapo.

"Mama, kwanza umeze dawa, mengine tutayazungumza ukishameza," mganga anamwambia.

Kabla ya kidonge, mama anapimwa VVU yeye mwenyewe, kipimo kinachotoa majibu ndani ya dakika chache. Kipimo hiki kina sababu mbili. Akiwa tayari ana maambukizi ya siku nyingi, anahitaji tiba kamili ya maisha, na dawa kinga ya mwezi mmoja haimfai. Akiwa hana, majibu hayo ndiyo kielelezo cha baadaye kwamba siku ya ajali alikuwa mzima. Majibu yanaonyesha hana VVU. Saa 5:00, saa moja tangu ajali, anameza kidonge cha kwanza, ambacho kina dawa tatu ndani yake, yaani tenofovia, lamivudini na dolutegravia.

Dawa hizi zinapaswa kuanza mapema iwezekanavyo, na lengo ni ndani ya saa 2. Mwisho wake ni saa 72, ambao kwa mama huyu ungekuwa Ijumaa saa 4:00 asubuhi. Baada ya hapo dawa haianzishwi, kwa kuwa virusi kama viliingia vitakuwa vimekwisha kujikita katika chembe za mwili. Ndiyo maana mganga hakusubiri majibu ya mgonjwa. Dawa iliyoanzishwa bila sababu huachwa bila madhara ya maana, lakini saa zilizopotea hazirudi.

Wakati huo muuguzi anazungumza faraghani na mgonjwa ambaye damu yake ilikuwa kwenye sindano. Anamweleza kilichotokea na kumwomba akubali kupimwa. Halazimishwi, na majibu yake hayatangazwi. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2008 inalinda siri hiyo. Mgonjwa anakubali. Kipimo kinaonyesha hana VVU, na katika mahojiano hakuna dalili kwamba amekuwa katika mazingira ya kuambukizwa wiki za karibuni. Swali hilo ni la lazima, kwa kuwa mtu aliyeambukizwa karibuni huweza kupimwa na kuonekana hana virusi. Mganga anaamua kuwa mama hana haja ya kuendelea na dawa kinga za VVU.

Wenzake wanampongeza. Katika vituo vingi habari ingeishia hapo, ilhali maswali mawili kati ya matatu bado hayajajibiwa.

Swali la pili: homa ya ini B

Mganga anamwandikia mama rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya siku hiyohiyo, pamoja na sampuli ya damu ya mgonjwa. Anafika mchana kwa bodaboda. Majibu yanatoka kwamba mgonjwa ana homa ya ini B. Mama mwenyewe hana ugonjwa huo na hana kinga yake.

Umri wake unaeleza kwa nini hana kinga. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika ratiba ya watoto wachanga mwaka 2002, ikitolewa pamoja na ya donda koo, kifaduro na pepopunda. Tangu mwaka 2009 imo katika chanjo inayokinga magonjwa matano kwa pamoja. Kwa hiyo kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 2002, akakamilisha kliniki, ana nafasi nzuri ya kuwa na kinga. Mtu mzima aliyezaliwa kabla ya hapo hana, isipokuwa kama alichanjwa ukubwani kwa utaratibu maalumu.

Kwa mama huyu, chanjo ndiyo dawa ya dharura. Inaonekana ajabu kumchanja mtu baada ya kukutana na ugonjwa, lakini kirusi cha homa ya ini B huchukua wiki nyingi kabla ya kuenea, kwa kawaida miezi miwili hadi mitano kabla ya dalili kuonekana. Mwili uliochanjwa mapema hupata muda wa kujenga kinga na kukiwahi. Chanjo inapaswa kutolewa ndani ya saa 24, yaani kabla ya Jumatano saa 4:00 asubuhi. Ikichelewa bado hutolewa, ingawa nguvu yake ya kuzuia hupungua kadiri siku zinavyopita, na baada ya siku 7 manufaa yake kwa ajali hiyo huwa madogo.

Mama anachanjwa begani Jumanne hiyohiyo alasiri. Dozi ya pili atapewa baada ya mwezi mmoja, na ya tatu baada ya miezi 6 tangu ile ya kwanza. Kwa kuwa mgonjwa amethibitika kuwa na ugonjwa, mama alistahili pia sindano nyingine yenye kingamwili zilizo tayari, zinazotolewa katika damu ya watu wenye kinga. Kingamwili hizo hufanya kazi mara moja huku chanjo ikisubiriwa kuamsha mwili. Ni dawa ya gharama na haipatikani kila hospitali. Pale inapokosekana, chanjo haicheleweshwi kuisubiri.

Mama angekuwa amechanjwa dozi zote tatu kabla ya ajali, na kipimo kimeonyesha kwamba mwili wake ulijenga kinga ya kutosha, asingehitaji chochote kwa ajili ya homa ya ini B. Hatari yake ingeshuka kutoka ile ya juu kabisa kati ya magonjwa matatu hadi karibu na sifuri. Hakuna hatua nyingine katika suala hili lote yenye tofauti kubwa kiasi hicho.

Ni vema pia kusema ukweli kuhusu ugonjwa wenyewe. Watu wazima wengi wanaoambukizwa homa ya ini B, wapatao 95 kati ya 100, hupona wenyewe ndani ya miezi 6. Wachache hubaki nayo kwa maisha yote, na baadhi ya hao, baada ya miaka mingi, hupata ini lenye makovu au saratani ya ini. Kwa mtoto mchanga hali ni kinyume, kwa kuwa wapatao 90 kati ya 100 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa hubaki nayo. Mama wa umri wa kuzaa aliyejichoma na kupuuza huweza, bila kujua, kumpitishia mtoto ugonjwa ambao yeye mwenyewe hausikii.

Swali la tatu: homa ya ini C

Siku hiyo kipimo cha homa ya ini C cha mgonjwa hakikupatikana. Katika hali hiyo ajali huhesabiwa kuwa ya mtu asiyejulikana hali yake, na ufuatiliaji hufanyika kana kwamba hatari ipo.

Hakuna chanjo wala dawa kinga ya homa ya ini C. Mtu hapewi kidonge "kwa tahadhari". Kinachofanyika ni kupima. Mama anachukuliwa damu ndani ya saa 48 kama kielelezo cha mwanzo. Baada ya wiki 3 hadi 6 hupimwa kirusi chenyewe ikiwa maabara ina uwezo huo, na baada ya miezi 4 hadi 6 hupimwa kingamwili ili kufunga shauri. Kipimo cha kingamwili kikifanywa mapema mno kitasema hakuna ugonjwa hata kama upo, kwa kuwa mwili huchukua wiki nyingi kuzitengeneza.

Akionekana ameambukizwa, zipo dawa za kumeza, kama sofosbuvia na daklatasvia, ambazo kwa wiki 12 huponya wagonjwa zaidi ya 95 kati ya 100. Asipopima, ugonjwa huu hukaa kimya. Wengi wa wanaoambukizwa hubaki nao, na ini huharibika polepole kwa miaka 20 au 30 bila maumivu ya kumwonya mtu. Ndiyo sababu tarehe ya miezi 6 huandikwa kwenye kadi na kukumbukwa, hata kama mama anajisikia mzima.

Kama mgonjwa angekuwa na VVU

Tubadilishe jambo moja katika mfano, tuseme mgonjwa alikuwa na VVU. Mama angeendelea na kidonge kimoja kila siku kwa siku 28 bila kukatiza. Wanaoshindwa wengi hushindwa katika wiki ya pili, kwa kichefuchefu, kichwa kuuma au kukosa usingizi, na huacha bila kumwambia mhudumu. Kero hizi mara nyingi hutulizwa kwa kubadili saa ya kumeza au kwa dawa ya kichefuchefu. Dolutegravia haimezwi pamoja na dawa za kiungulia, za kuongeza damu au za kalisi, kwa kuwa huizuia isifyonzwe vizuri tumboni. Mhudumu ataeleza saa za kuzitenganisha, jambo linalowahusu hasa wajawazito wanaomeza dawa za kuongeza damu.

Angepimwa tena VVU baada ya wiki 6 na baada ya miezi 3. Katika kipindi hicho angetumia kondomu na mume wake, na asingechangia damu. Homa, vipele au kuvimba tezi ndani ya wiki chache za mwanzo ni sababu ya kurudi kituoni kabla ya tarehe.

Kuna tahadhari moja ambayo hata baadhi ya watoa huduma huisahau. Tenofovia na lamivudini, ambazo ni dawa za VVU, hupunguza pia virusi vya homa ya ini B. Mtu mwenye homa ya ini B asiyejijua, akizimeza kwa siku 28 na kuziacha ghafla, virusi vilivyokuwa vimezuiliwa huweza kurudi kwa nguvu na kulichoma ini. Kwa hiyo aliyejichoma hupimwa homa ya ini B mwanzoni, na akionekana anayo, daktari ndiye huamua dawa iendelee vipi. Kipimo hicho hakicheleweshi kidonge cha kwanza.

Sindano iliyookotwa

Mzazi ambaye mtoto wake amejichoma na sindano ya jalalani hana mgonjwa wa kumwomba apimwe. Sindano yenyewe haipelekwi maabara, kwa sababu kuipima hakutoi jibu la kuaminika na kuibeba ni hatari nyingine. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji, na mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo akiwa na kadi yake ya kliniki. Kadi ndiyo itakayoonyesha kama alikamilisha dozi tatu za chanjo ya homa ya ini B. Kama hakukamilisha, zitakamilishwa. Maambukizi ya VVU kwa sindano iliyookotwa mtaani ni nadra sana kuthibitishwa, na mhudumu atapima kama dawa kinga zinahitajika kwa kuangalia upya wa sindano, uwepo wa damu na kina cha jeraha. Watu wazima waangalie pia kama chanjo ya pepopunda ya aliyejichoma iko ndani ya muda.

Anayetumia sindano nyumbani, kama mgonjwa wa kisukari, asizitupe kwenye shimo la taka wala chooni. Aziweke, bila kuzirudishia kifuniko, ndani ya chombo kigumu cha plastiki chenye mfuniko, na kikikaribia kujaa akipeleke zahanati ili zichomwe pamoja na nyingine. Zahanati hutumia kisanduku cha usalama, ambacho wengi hukiita sefti boksi. Kisanduku hicho hufungwa kinapojaa robo tatu na hakifunguliwi tena. Kinachosukumwa kijae zaidi ndicho hutokeza sindano ubavuni na kumchoma anayekibeba.

Kumbukumbu na haki

Maandishi ya mganga ya saa 4:10 yana kazi nyingine. Mfanyakazi aliyeambukizwa kazini anaweza kudai fidia kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2008. Dai hilo husimama juu ya mambo mawili, yaani kumbukumbu ya tukio na vipimo vya siku ya kwanza vilivyoonyesha kuwa mfanyakazi alikuwa mzima. Aliyejichoma akanyamaza, akagundua ugonjwa miezi 8 baadaye, hana namna ya kuonyesha kwamba aliupata kazini.

Miezi 6 baada ya ile Jumanne, mama wa mfano wetu anarudi hospitali. Anapewa dozi ya tatu ya chanjo na kuchukuliwa damu. Kipimo cha homa ya ini B kinaonyesha hana ugonjwa, na cha homa ya ini C vilevile. Mwezi mmoja au miwili baadaye atapimwa kama chanjo imejenga kinga ya kutosha, na akiwa nayo, ajali nyingine ya aina hii ikimpata hatakuwa tena na hofu ya homa ya ini B.

Mkazi yeyote aliyejichoma na sindano iliyotumika afike katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye siku hiyohiyo, mchana au usiku, na aulize mambo matatu kwa majina yake: VVU, homa ya ini B na homa ya ini C. Kituo kisicho na dawa au kipimo kinachohitajika kitampa rufaa, na aliyejichoma aondoke na rufaa hiyo mkononi siku hiyo, kwa kuwa saa za kusubiri nazo huhesabiwa.